Kabla ya benki kulipia paneli, inataka kujua fundi ni nani

Miaka michache iliyopita, mteja aliyetaka sola aliniuliza maswali mawili: ni pesa ngapi, na utamaliza lini. Siku hizi, hasa ukipata kazi ya shule, zahanati au chama cha ushirika, swali la kwanza ni leseni. Wanataka nakala yake, wanataka kujua ni ya daraja gani na inaisha lini, na kama kuna mkopo ndani yake, afisa wa benki anataka kuiona kabla hata hajaangalia bei ya inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika kwenye vifaa vya kawaida. Wenzangu wengi wanalalamika kwamba huo ni usumbufu wa makaratasi. Mimi nimefanya kazi hii nyanda za juu za Kenya kwa muda wa kutosha kuona upande wa pili, na kazi moja iliyonifungua macho ilikuwa ya ushirika wa maziwa kule Nyandarua.

Nianze na leseni yenyewe, kwa sababu wateja wengi wanadhani ni moja tu. Kanuni za sola za mwaka 2012, ambazo leo zinasimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, yaani EPRA, ziliwagawa mafundi katika madaraja matatu. T1 ni ya mifumo midogo, ile ya paneli isiyozidi wati 100 na betri moja, ya taa na kuchaji simu. T2 inapanda hadi wati 300, na hapo unaweza kuwa na betri zaidi ya moja na inveta. T3 ndiyo ya mifumo mikubwa, ikiwemo ile inayounganishwa na umeme wa Kenya Power na ile ya mseto inayotumia paneli, betri na gridi kwa pamoja. Juu ya hapo kuna leseni za kampuni, za wanaouza na za wanaochukua kandarasi. Fundi anaweza kuwa na leseni yake na kampuni iliyomwajiri isiwe nayo, au kinyume chake.

Angalia mipaka hiyo tena. Kanuni zilipoandikwa, paneli ya wati 100 ilikuwa kitu cha kujivunia nyumbani. Leo paneli moja ya kawaida inayopakiwa kwenye pikapu ina wati 550. Maana yake ni kwamba paneli moja tu ya siku hizi tayari imeshavuka kiwango cha T2. Kwa hiyo karibu kila kazi ambayo benki itaikopeshea pesa, iwe ya nyumba yenye friji na pampu au ya duka la nyama, ni kazi ya T3. Wapo mafundi wengi wanaotembea na T1 mfukoni, wakiwaonyesha wateja karatasi yenye nembo, na mteja akiona nembo anaridhika. Afisa wa benki aliyefundishwa kidogo haangalii nembo. Anaangalia ile herufi na namba.

Sasa nirudi Nyandarua. Ushirika ulikuwa na tangi la kupozea maziwa, na bili ya stima ilikuwa inawala faida. Wakachukua mkopo, wakafungiwa mfumo wa mseto: inveta ya kilowati 8, betri, na paneli 20 za wati 550 juu ya paa la mabati, zikiwa zimegawanywa katika stringi mbili za paneli kumi kumi. Stringi ni paneli zilizofungwa kwa kufuatana, chanya ya moja ikiingia hasi ya nyingine, ili volti zake zijumlishwe. Aliyefunga hakuwa mimi. Kazi yake kwa macho ilikuwa safi: reli zimenyooka, kebo zimefungwa vizuri, na ubao wa swichi una vibandiko. Mfumo uliwaka Februari, na kwa miezi kadhaa bili ikashuka kama walivyoahidiwa.

Asubuhi moja ya Julai inveta ikazima na haikuwaka tena. Nilipoitwa, mweka hazina, mama mmoja mtu mzima na makini sana, alinikaribisha kwa neno moja tu: "Fundi, mkopo haujazima."

Hilo ndilo jambo ambalo mtu asiyekopesha halioni haraka. Hesabu ya mkopo wa sola imekaa hivi: pesa unayookoa kwenye bili ya stima ndiyo inayolipa marejesho ya benki. Mfumo ukifa, bili inarudi palepale ilipokuwa na marejesho yanabaki palepale. Mteja sasa analipa mara mbili. Benki nayo ina dhamana iliyoko juu ya paa, chuma na vioo ambavyo vikishatobolewa na kufungwa haviuziki kwa bei ya maana. Anayekopesha kwa ajili ya gari anaweza kulichukua na kulipiga mnada. Anayekopesha kwa ajili ya sola amekopesha kwa ajili ya kazi ya mikono ya fundi, na kazi hiyo haichukuliki.

Nikafungua historia ya inveta kwenye programu yake ya simu. Siku nyingi za joto, volti za kila stringi kabla inveta haijaanza kuvuta mzigo zilikuwa chini kidogo ya 500. Kuanzia Juni zilianza kugusa 500 asubuhi, halafu zikaivuka. Siku ya mwisho kabla ya kimya, namba iliyosomeka ilikuwa zaidi ya 520. Na kwenye kibandiko ubavuni mwa inveta ile kiliandikwa wazi kiwango cha juu cha volti za kuingia kutoka kwenye paneli: 500.

Tuifanye hesabu, kwa sababu ndipo ilipo tofauti kati ya fundi aliyefunzwa na aliyejifunza kwa kuangalia tu. Nyuma ya kila paneli kuna kibandiko, na juu yake kuna namba inayoitwa Voc, yaani volti za paneli ikiwa haijaunganishwa na mzigo wowote. Paneli hizi zilikuwa na Voc ya 49.8. Kumi zikifuatana zinatoa 498. Inveta inakubali 500. Aliyefunga alizidisha, akaona imebaki nafasi ya volti mbili, akafunga.

Lakini ile 49.8 imepimwa paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli ikipoa, volti zake hupanda, na karatasi ya maelezo ya mtengenezaji inakuambia zinapanda kwa kiasi gani. Kwa hizi ilikuwa asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Nyandarua mwezi wa Julai si Mombasa. Kuna asubuhi sakitu inakaa juu ya nyasi na viazi vinaungua kwa baridi. Chukua nyuzi 5 tu, ambayo kule si ajabu: umeshuka nyuzi 20, kwa hiyo volti zimepanda asilimia 5.4. Paneli moja inafika karibu 52.5, na kumi zinafika 525. Jua linapochomoza paneli bado ni baridi kabisa, na volti hupanda mapema sana hata mwanga ukiwa bado hafifu. Ampea ndizo zinazosubiri jua likolee. Inveta nayo bado haijaanza kuvuta. Hiyo ndiyo dakika mbaya kuliko zote kwa siku nzima, na kwa wastani wa mwaka haionekani popote.

Zingekuwa tisa kwa kila stringi, hesabu ile ile ya nyuzi 5 ingetoa karibu 472. Hata nyuzi sifuri kabisa isingefika 480. Yaani tofauti kati ya mfumo wa kudumu na inveta iliyoungua ilikuwa paneli moja kwa kila stringi.

Hesabu hii ni sehemu ya mafunzo ya T3. Ukisoma pale Strathmore, Nairobi, kwenye kituo chao cha utafiti wa nishati, au kwenye vyuo vingine vinavyofundisha madaraja haya, utafanya hesabu ya baridi na hesabu ya joto kwa mkono. Ya baridi ni ili usiunguze inveta. Ya joto ni ili mchana wa jua kali volti zisishuke chini ya kile inveta inachohitaji kufanya kazi. Aliyeufunga mfumo ule alikuwa na leseni, ndiyo. Ilikuwa T1. Mtu wa T1 hana sababu ya kuijua hesabu hiyo, kwa maana paneli moja na betri moja haina stringi. Karatasi ilikuwa halali, ila haikuwa ya kazi ile.

Msambazaji wa inveta alipoombwa abadilishe mashine kwa dhamana yake, aliuliza mambo matatu: namba ya mashine, mchoro wa jinsi paneli zilivyounganishwa, na leseni ya aliyefunga. Akaomba pia historia ya volti. Akajibu kwamba mashine imepewa volti zaidi ya kiwango chake, na dhamana haihusu hilo. Ushirika haukuwa na la kujibu. Ndipo nilipoelewa kwa nini benki, kampuni ya bima na msambazaji wote wanaomba karatasi ile ile. Dhamana ya miaka mitano ya inveta ina maana tu ikiwa imefungwa ipasavyo, na anayekopesha kwa kutegemea dhamana hiyo anahitaji kujua mapema, si baada ya moshi.

Tulipoanza kuurekebisha mfumo, benki iliweka masharti kabla ya kuongeza muda wa mkopo. Ilitaka nakala ya leseni yangu ya T3 na ya kampuni, mchoro wa mfumo wenye jina na saini yangu, na ripoti ya vipimo vya kukabidhi kazi. Hiyo ripoti ya mwisho ndiyo ninayotaka kuizungumzia kwa kirefu, kwa sababu ndiyo wanayoiruka wengi hata wenye leseni.

Kuna kiwango cha kimataifa, IEC 62446-1, kinachosema nini kipimwe kabla mfumo uliounganishwa na gridi haujakabidhiwa. Unapima kama waya wa ardhi umeshika kutoka fremu hadi fremu. Unahakikisha chanya ni chanya na hasi ni hasi kabla ya kugusa inveta. Unapima volti za kila stringi na ampea zake, unaziandika pamoja na saa na hali ya jua, unalinganisha stringi kwa stringi. Halafu unapima insulation, yaani kama ngozi ya kebo inazuia umeme usivujie kwenye fremu na mabati. Kwa stringi za ukubwa wa hizi, unatumia mashine ya mega kwenye volti 1000, na usomaji usiwe chini ya megaomu 1.

Stringi ya kwanza ilisoma vizuri kabisa. Ya pili ilisoma 0.2. Ilikuwa kama saa mbili asubuhi na mabati yalikuwa bado yana umande. Nilimwambia msaidizi wangu tusiguse kitu, tusubiri. Kufikia saa tano, paa likiwa limekauka, stringi ile ile ilisoma zaidi ya megaomu 20. Fundi anayekuja saa sita mchana, akapima, akaandika, anaondoka na ripoti nzuri yenye kosa ndani yake.

Tukaigawa stringi, nusu kwa nusu, tukimwagia maji kidogo kila sehemu kisha tunapima. Tukafika kwenye paneli ya sita kutoka ukingoni. Nilipolala juu ya paa na kuchungulia chini yake kwa tochi, kebo ilikuwa imepita kwenye ncha ya bati lililokatwa, imebanwa na reli. Kila bati lilipopanuka kwa jua na kusinyaa usiku lilikuwa linaisugua. Ngozi ya nje ilikuwa imekwisha, ya ndani imechanika urefu wa ukucha, na shaba ilikuwa inaonekana, imeanza kuwa ya kijani. Juu ya paa la mabati, lililoshikana na nguzo za chuma ambako watoto huja kusubiri wazazi wao na mitungi ya maziwa, na nyuma yake kukiwa na karibu volti 500.

Nikamwonyesha mama mweka hazina picha. Akakumbuka kwamba tangu Mei inveta ilikuwa ikionyesha taa nyekundu asubuhi za mvua, na taa hiyo ikizimika yenyewe kufikia saa nne. Walimpigia aliyefunga, akawaambia ni unyevu tu, itapita. Ni kweli ilikuwa inapita, kila siku, kwa sababu paa lilikuwa linakauka. Ukiwa na mfumo unaolalamika asubuhi zenye umande au baada ya mvua na kunyamaza mchana, usikubali kuambiwa ni unyevu tu. Unyevu haujawahi kuvujisha umeme kwenye kebo nzima. Mahali fulani pamechanika, au kiunganishi hakikufungwa sawasawa.

Tulibadilisha kebo, tukaipitisha ndani ya bomba, tukapanga paneli tisa tisa, tukaweka inveta mpya ambayo ushirika uliilipia wenyewe. Paneli mbili zilizobaki mwenyekiti alitaka ziongezwe "mahali popote tu, zisikae bure." Nilikataa na nikaandika sababu kwenye ripoti, ili fundi mwingine atakayekuja asishawishike kuzirudisha kwenye stringi. Zilikwenda kwenye mfumo mdogo wa taa za nje, wenye kidhibiti chake.

Ripoti ilikuwa ya kurasa chache. Ndani yake mlikuwa na hesabu ya baridi kama nilivyoieleza hapa, vipimo vya stringi zote mbili, usomaji wa insulation wa asubuhi na wa mchana, picha za viunganishi na namba za mashine. Afisa wa mikopo, kijana ambaye si mtu wa umeme, alinipigia simu akaniuliza swali moja: "Hii 472, ndiyo inayolinganishwa na 500?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi hilo naweza kuliangalia mwenyewe kwenye kila ombi." Nilifurahi sana siku hiyo. Si lazima benki imwajiri mhandisi. Inahitaji kujua namba mbili za kulinganisha na jina la mtu aliyeziandika.

Sasa niseme kuhusu kasoro ya mtindo huu, kwa kuwa nauona mitaani. Benki zilipoanza kuomba T3, leseni zimeanza kukodishwa. Mwenye T3 anakaa Nairobi, nakala ya leseni yake inaambatishwa kwenye maombi ya kazi kule ambako hajawahi kukanyaga, na anayepanda paa ni kijana asiye na karatasi yoyote. Kwa benki faili imekamilika. Kwa paa hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana leseni peke yake hainitoshi hata mimi ninapoajiri. EPRA huweka orodha ya wenye leseni, kwa hiyo mteja anaweza kulinganisha jina na namba, kisha akamwomba fundi kitambulisho siku ya kazi. Jina la kwenye leseni, jina la kwenye kitambulisho na saini iliyo chini ya vipimo viwe vya mtu mmoja. Na vipimo vichukuliwe mteja akiwepo. Mama mweka hazina alisimama chini ya ngazi na daftari lake, nikisoma namba kwa sauti naye anaandika, na mwishoni tukalinganisha daftari lake na fomu yangu. Sasa anafanya hivyo kwa kila fundi anayefika pale, hata wa jenereta.

Najua pia kwamba vijana wengi wenye mikono mizuri hawana T3 kwa sababu ada ya mafunzo ni kubwa kwa mtu anayelipwa kibarua cha siku. Jambo hili linaniuma, na sidhani jibu ni kuwafukuza paani. Msaidizi wangu aliyekuwa Nyandarua alikuwa mmoja wao. Ninachofanya ni kumwandikia kila kazi tuliyofanya pamoja: ukubwa wa mfumo, alichofanya yeye, vipimo alivyochukua. Uthibitisho wa kazi kama huo unamsaidia anapoomba leseni, na unamsaidia zaidi darasani, kwani hesabu ya baridi ameshaiona ikiunguza inveta ya watu. Mwajiri mwenye T3 asiyewaandikia wasaidizi wake chochote anawaweka pale pale miaka nenda miaka rudi, halafu analalamika kwamba mafundi wenye leseni ni wachache.

Mwaka huu ushirika jirani umeomba mkopo kwa benki ile ile, wa mfumo mkubwa zaidi. Fomu waliyopewa ina sehemu ya jina na daraja la leseni ya fundi, na chini yake mstari wa kuandika volti za stringi kwa joto la chini kabisa la eneo hilo, ukifuatwa na kiwango cha juu cha inveta. Mwenyekiti wao alinipigia akauliza huo mstari unajazwaje. Nikamwambia asiujaze yeye. Ampe fundi anayetaka kazi, aujaze mbele yake kwa kalamu, akieleza kila namba ameitoa kwenye kibandiko gani.